Kusoma Masharti ya Mchezo kwa Kompyuta Isiyo na Kadi ya Grafiki

Kila mchezo wa kompyuta unaouzwa huja na orodha mbili za masharti: ya kwanza hutaja mashine dhaifu kuliko zote ambayo waundaji wa mchezo wako tayari kuikubali, na ya pili hutaja mashine ambayo kwayo mchezo utaonekana na kwenda kama walivyoukusudia. Mnunuzi wa Lubumbashi, ambaye mara nyingi kompyuta yake imepangwa kwa Kifaransa, huzikuta katika duka la Steam chini ya kichwa CONFIGURATION REQUISE, safu moja ikiitwa MINIMALE na nyingine RECOMMANDÉE, na ndani ya kila safu mna mistari michache: mfumo endeshi, prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za jumla, memori ya RAM, ambamo programu hukaa wakati inapofanya kazi, grafiki, yaani sehemu inayochora kila picha inayotokea kwenye kioo, na nafasi inayohitajika kwenye diski. Orodha hizo ni fupi, na ufupi huo huwapotosha wengi, kwa sababu kwa kawaida huandikwa kwa kudhani kwamba msomaji ana kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki inayojitegemea, ilhali kompyuta mpakato za ofisini, zile zinazouzwa tena baada ya kutumika miaka kadhaa, kwa kawaida hazina kadi hiyo na huchora picha zao kwa kipande kidogo kilichojengwa ndani ya prosesa yenyewe.

Kosa la kusoma vibaya lina gharama inayohesabika. Mchezo mkubwa wa leo unaweza kuzidi gigabaiti 100, ambazo kwa mtu anayenunua data ya simu kwa vifurushi ni fedha nyingi kuliko bei ya mchezo wenyewe wakati wa punguzo. Ni kweli kwamba Steam hurudisha fedha za mchezo uliorudishwa ndani ya siku 14 baada ya kununuliwa ikiwa haujachezwa kwa zaidi ya saa 2, lakini haimrudishii mtu data aliyokwisha kuitumia kuupakua, na kwa sababu hiyo hukumu inayofaa ni ile inayotolewa kabla ya kupakua, kwa kalamu na karatasi, kwa kuzilinganisha namba za orodha na namba za mashine.

Mfano unaofaa kufuatwa hatua kwa hatua ni wa mchezo Grand Theft Auto V, uliotolewa kwa kompyuta tarehe 14 Aprili 2015, ukipimwa dhidi ya HP EliteBook 840 G2 ya mwaka uleule, kompyuta ya ofisi yenye kioo cha inchi 14 na prosesa ya Intel Core i5-5300U. Mashine na mchezo ni wa rika moja, na mtu angetarajia kwamba vinapatana. Masharti ya chini ya mchezo huo yanataja prosesa ya Intel Core 2 Quad Q6600, RAM ya gigabaiti 4 na kadi ya grafiki ya NVIDIA 9800 GT yenye gigabaiti 1 ya memori yake yenyewe. Masharti yanayopendekezwa yanataja Intel Core i5 3470, RAM ya gigabaiti 8 na kadi ya NVIDIA GTX 660 yenye gigabaiti 2. Kabla ya kulinganisha, msomaji lazima ahakikishe kwamba anasoma orodha iliyo sahihi, kwa kuwa mnamo Machi 2025 mchezo huo ulitolewa upya katika toleo linaloitwa Enhanced, ambalo hudai kadi mpya zaidi na diski ya SSD hata kwa masharti yake ya chini, na toleo la awali likapewa jina la Legacy. Kwa kompyuta ya mwaka 2015, orodha ya Legacy pekee ndiyo yenye maana.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha masharti yasiyojadilika na masharti ya kiasi, kwa sababu orodha huyaandika pamoja kana kwamba ni ya aina moja. Sharti lisilojadilika ni lile ambalo likikosekana mchezo haufunguki kabisa, hata kama mtu yuko tayari kuvumilia picha mbovu: mfumo endeshi wa biti 64, nafasi ya diski, na toleo la DirectX, ambayo ni lugha ambayo mchezo huitumia kuiamuru grafiki. Katika jambo hili la mwisho pana mtego, kwa kuwa Windows yenye DirectX 12 inaweza kuwa imewekwa juu ya grafiki isiyojua maagizo yote ya DirectX 12. Kiwango halisi cha uwezo wa chipu huonekana katika programu ya uchunguzi ya Windows, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika:

```
dxdiag
```

Katika ukurasa wa programu hiyo unaohusu kioo, viwango vya uwezo huandikwa kwa namba kama 11_1, 11_0 na 10_1. Grafiki ya EliteBook 840 G2, iitwayo Intel HD Graphics 5500, huishia kwenye 11_1, na kwa hiyo mchezo wowote unaodai 12_0 hauwezi kufunguka humo, hata RAM ikiongezwa namna gani. GTA V ya mwaka 2015 hukubali kadi za DirectX 10, na mlango huo uko wazi. Mfumo endeshi nao unahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko orodha inavyosema: masharti ya mwaka 2015 yalikubali Windows 7 na hata Vista, lakini tangu tarehe 1 Januari 2024 Steam yenyewe imeacha kuzihudumia Windows 7 na 8, na mchezo unaonunuliwa Steam hauwezi kutegemewa mahali ambapo Steam haihudumiwi. Nafasi ya diski nayo imekua, kwani mchezo uliotangazwa kuhitaji gigabaiti 65 siku ulipotoka umepokea nyongeza za miaka mingi na sasa huhitaji zaidi ya 100, na kwa hiyo kompyuta iliyobadilishiwa diski ya zamani ikawekewa SSD ndogo ya gigabaiti 128 inashindwa hapo hapo, kabla hata swali la grafiki halijaulizwa.

Baada ya milango hiyo, yanabaki masharti ya kiasi, ambayo hayaamui kama mchezo utafunguka bali utakwenda kwa kasi gani. Kasi hiyo hupimwa kwa fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha kamili zinazochorwa kila sekunde moja: 60 huonekana laini, 30 huchezeka bila taabu katika michezo mingi, na chini ya 20 gari huanza kugonga ukuta kwa sababu jicho limechelewa kuuona. Orodha ya GTA V haisemi kadi ya 9800 GT ilitoa fremu ngapi wala kwa picha ya ukubwa gani, na katika hili inafanana na orodha nyingi za wakati wake. Mchezo wa Valorant, uliotoka mwaka 2020, ulitenda haki zaidi kwa msomaji, kwani masharti yake yalieleza wazi kwamba mashine ya chini, yenye Intel HD 4000, ililengwa kutoa fremu 30, na iliyopendekezwa, yenye kadi ya GeForce GT 730, fremu 60. Mchapishaji akiitaja grafiki ya ndani ya Intel kwa jina, kazi ya msomaji imekwisha nusu; asipoitaja, kama ilivyo kwa GTA V, msomaji hulazimika kufanya ulinganisho mwenyewe.

Ulinganisho wa prosesa ndio unaopotosha haraka zaidi, kwa sababu jina Core i5 limo katika orodha na limo pia kwenye kibandiko cha kompyuta. Core i5 3470 inayopendekezwa ni chipu ya kompyuta ya mezani yenye viini vinne, yaani vitengo vinne kamili vya kufanya kazi kwa wakati mmoja, na imeruhusiwa kutumia umeme hadi wati 77. Core i5-5300U, licha ya namba yake kuwa kubwa zaidi, ina viini viwili tu na mgao wa wati 15, na herufi U mwishoni mwa jina lake ndiyo inayotangaza ubanaji huo wa umeme. Tarakimu ya kwanza ya namba hizi za tarakimu nne hutaja kizazi cha prosesa. Haisemi nguvu yake. Hata hivyo sharti la chini linatimizwa. Q6600 ni chipu ya mwaka 2007 yenye viini vinne vya usanifu wa zamani, na kila kiini cha mwaka 2015 hufanya kazi nyingi zaidi katika muda uleule, zaidi ya hayo kila kiini cha i5-5300U hubeba nyuzi mbili za kazi, kiasi kwamba dxdiag huionyesha ikiwa na `(4 CPUs)`, maneno yaleyale yaliyomo katika orodha ya mchezo. Maneno hayo huhesabu nyuzi, wala si viini, na kufanana kwao kusichukuliwe kuwa uthibitisho. Lakini kwa mfano huu hitimisho ni sahihi, kwamba prosesa inapita kiwango cha chini na haifikii kile kinachopendekezwa.

Moyo wa jambo lote ni mstari wa grafiki, na hapa panastahili kukaa. Jina la grafiki ya kompyuta halipaswi kubahatishwa kutokana na jina la modeli, kwa kuwa modeli moja huweza kutoka kiwandani katika sura mbili. Baadhi ya EliteBook 840 G2 ziliwekewa kadi ndogo ya AMD pamoja na grafiki ya Intel, na nyingine hazikuwekewa. Pale ambapo Windows iko katika lugha asiyoizoea mtu, amri ifuatayo, ikiandikwa ndani ya PowerShell, hutoa jina la kila grafiki iliyomo pamoja na toleo la draiva yake, yaani programu inayoiunganisha chipu na mfumo endeshi:

```
Get-CimInstance Win32_VideoController |
  Select-Object Name, DriverVersion
```

Jibu likiwa Intel(R) HD Graphics 5500 peke yake, basi mlinganisho ni kati ya chipu hiyo na 9800 GT, kadi iliyoingia sokoni mwaka 2008. Nguvu ya kuhesabu ya grafiki hupatikana kwa kuzidisha idadi ya vitengo vyake kwa kazi ambazo kila kitengo hufanya katika mpigo mmoja, kisha kwa idadi ya mipigo kwa sekunde. HD 5500 ya prosesa hii ina vitengo 24, kila kimoja kikifanya hesabu 16 kwa mpigo, na mipigo yake hufika milioni 900 kwa sekunde, ambayo ni takribani hesabu bilioni 345 kwa sekunde. Kadi ya 9800 GT ina vitengo vidogo 112, kila kimoja kikifanya hesabu 2 kwa mpigo, kwa mipigo milioni 1,500, ambayo ni bilioni 336. Zinakaribia kulingana kabisa, na mtu aliyeishia hapo angetangaza kwamba kompyuta ya ofisi imetimiza sharti la chini.

Lakini hesabu huhitaji vitu vya kuhesabiwa. Picha za kuta, barabara, nguo na nyuso, ambazo hubandikwa juu ya maumbo ya mchezo, hukaa katika memori na lazima zisomwe upya kwa kila fremu, kisha picha iliyokamilika iandikwe tena humo. Kiasi cha data kinachoweza kupita kati ya memori na chipu kila sekunde ndicho kinachoamua kama vitengo vya hesabu vitafanya kazi au vitasubiri. Kadi ya 9800 GT ina memori yake iliyounganishwa kwa njia yenye upana wa biti 256, sawa na baiti 32 kwa safari moja, kwa safari milioni 1,800 kila sekunde, ambazo ni gigabaiti 57.6 kwa sekunde. HD 5500 haina memori yake yenyewe. Hutumia RAM ya kompyuta, ambayo katika EliteBook hii ni ya aina ya DDR3L yenye safari milioni 1,600 kwa sekunde, na kila kipande cha RAM kina njia ya baiti 8. Kipande kimoja hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Vipande viwili vilivyowekwa katika nafasi mbili tofauti hufungua njia mbili kwa pamoja na kufikia 25.6. Na kiasi hicho si cha grafiki peke yake, kwa maana prosesa na Windows nzima huchota hapo hapo, kama nyumba kadhaa za ua mmoja zinavyochota kwenye bomba moja.

Kwa hiyo chipu ambayo kwa hesabu ni ndugu wa 9800 GT, kwa upitishaji wa data ni chini ya nusu yake ikiwa na vipande viwili vya RAM, na chini ya robo ikiwa na kimoja. Tofauti hii haimo katika mstari wowote wa orodha ya masharti. Chipu mpya zina mbinu za kuibana data na kuihifadhi karibu ambazo kadi ya 2008 haikuwa nazo, na mbinu hizo hurudisha sehemu ya kilichopotea, lakini haziwezi kukirudisha chote. Hukumu ya haki ni kwamba EliteBook yenye njia mbili za RAM iko kwenye ukingo wa sharti la chini, na yenye njia moja iko nje ya ukingo huo.

Habari njema kwa mnunuzi ni kwamba tofauti kati ya njia moja na mbili ni miongoni mwa vitu vichache vya kompyuta mpakato vinavyorekebishika. EliteBook 840 G2 ina nafasi mbili za RAM chini ya kifuniko chake. Mashine iliyoandikwa kuwa na gigabaiti 8 inaweza kuwa na kipande kimoja cha 8 au viwili vya 4, na muuzaji akiandika tu 8 Go, kama Kifaransa kinavyozitaja gigabaiti, hajasema lililo muhimu. Amri hii huonyesha kila kipande kilichomo, nafasi yake, ukubwa wake kwa baiti na kasi yake:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory |
  Select-Object DeviceLocator, Capacity, Speed
```

Mstari mmoja wa majibu maana yake ni njia moja; mistari miwili yenye ukubwa ulio sawa maana yake, katika mashine ya aina hii, ni njia mbili. Kwa mtu anayechagua kati ya kompyuta mbili za bei moja, ile yenye vipande viwili vya 4 ni bora kwa michezo kuliko yenye kipande kimoja cha 8, hata kama jumla ni ileile.

Suala la memori lina upande wa pili, ambao ni wa kiasi. Orodha ya GTA V hutaja gigabaiti 4 za RAM katika mstari mmoja, na katika mstari mwingine hutaja gigabaiti 1 iliyomo ndani ya kadi. Kwa kompyuta ya mezani hizo ni hazina mbili tofauti. Kwa kompyuta ya grafiki ya ndani ni hazina moja, na kwa hiyo mistari hiyo miwili lazima ijumlishwe: sharti la chini la kweli ni gigabaiti 5, na kwa kuwa RAM haiuzwi kwa kipimo hicho, mashine ya gigabaiti 4 ambayo kwa mtazamo wa kwanza imetimiza sharti kwa kweli haijalitimiza. Windows na programu zake za nyuma hushika sehemu kubwa ya hizo 4, grafiki hukopa yake, na mchezo hubakiwa na kidogo. Kinachokosa nafasi hupelekwa kwenye diski, ambayo ni polepole mno. Dalili yake hutambulika kwa urahisi: mchezo huenda vizuri mhusika anaposimama au kutembea, kisha hukwama kwa nusu sekunde au zaidi kila anapoendesha gari kwa kasi kuingia mtaa mpya, kwa kuwa mtaa huo unasomwa kutoka diskini wakati huohuo.

Watu wengi hutishwa na namba nyingine, ile ya megabaiti 128 ambayo dxdiag huionyesha kama memori maalumu ya grafiki, wakidhani kwamba ndiyo yote iliyopo na kwamba sharti la gigabaiti 1 limeshindikana. Namba hiyo ni akiba ndogo tu inayotengwa wakati kompyuta inapowaka. Zaidi ya hapo Windows huiruhusu grafiki kukopa hadi karibu nusu ya RAM yote kadiri inavyohitaji, na kiasi hicho huonyeshwa pembeni kikiitwa memori ya pamoja. Ushauri unaosikika mara kwa mara, wa kuongeza akiba hiyo katika mipangilio ya BIOS, hauongezi kasi ya grafiki hata kidogo, kwa maana RAM ni ileile na njia yake ni ileile. Faida yake pekee ni kwa mchezo ambao hukataa kufunguka kwa kuisoma namba hiyo ndogo.

Kutoka hapo makadirio yanawezekana. Orodha inayopendekezwa hutaja GTX 660, ambayo hufanya takribani hesabu bilioni 1,880 kwa sekunde na kupitisha gigabaiti 144, yaani zaidi ya mara tano ya HD 5500 katika vipimo vyote viwili hata ikiwa na njia mbili za RAM. Kwa mwenye EliteBook, safu hiyo ya pili ina kazi moja tu, nayo ni kumwambia kwamba ubora wa picha unaoonekana katika matangazo ya mchezo haumhusu, na kwamba kila mpangilio ndani ya mchezo utaanzia kwenye daraja la chini kabisa. Kinachobaki mikononi mwake ni ukubwa wa picha. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2 za kuchorwa kila fremu. Ya 1280 kwa 720 ina 921,600, chini ya nusu. Na ya 800 kwa 600 ina 480,000, karibu nusu ya hiyo tena. Kwa kuwa udhaifu wa mashine hii uko katika upitishaji wa data, na kila nukta hudai data yake, kupunguza picha humpa nafuu kubwa kuliko mpangilio mwingine wowote. Kwa 1280 kwa 720 na mipangilio yote chini, EliteBook yenye RAM ya gigabaiti 8 katika vipande viwili inaweza kutarajiwa kuzunguka fremu 30 katika mitaa tulivu na kushuka chini yake mbele ya moto, moshi na nyasi ndefu. Yenye kipande kimoja itahitaji picha ndogo zaidi ili kufika hapo.

Makadirio hayo yana sharti lake, ambalo ni umeme. Wati 15 za i5-5300U hugawanywa kati ya viini vya prosesa na grafiki iliyo ndani yake, wakati 9800 GT ilikuwa ikipewa wati 105 peke yake. Mchezo mzito unapovifanyisha kazi vyote viwili, chipu hulazimika kupunguza mipigo ya upande mmoja ili upande wa pili uendelee, na zile milioni 900 zilizotumika katika hesabu hazidumu. Kompyuta ikitolewa kwenye chaja mgao huo mara nyingi hubanwa zaidi, kwa sababu Windows na mashine yenyewe hutanguliza kuokoa betri. Kwa mji kama Lubumbashi, ambamo umeme wa shirika la SNEL hukatika kwa saa nyingi, jambo hili si la pembeni: mchezo uliojaribiwa asubuhi chaja ikiwa ukutani unaweza kupoteza fremu zake nyingi jioni kwa betri, na mwenye mashine akadhani imeharibika. Joto nalo huleta matokeo kama hayo kwa njia nyingine. Kiangazi cha Katanga, kuanzia Mei hadi Septemba, hujaza vumbi jekundu katika feni na mapezi ya kupozea, kisha Oktoba huja na joto kali kuliko miezi yote. Mashine ya muongo mmoja ambayo haijafunguliwa wala kubadilishiwa dawa ya kupitishia joto kati ya chipu na bati lake la kupozea hufikia kikomo cha joto mapema na kujipunguzia kasi ili isiungue.

Kutambua ni kizuizi gani kinachofanya kazi hakuhitaji vifaa. Mchezo ukianza vizuri na kushuka baada ya dakika kumi au kumi na tano bila eneo kubadilika, kisababishi ni joto. Ukishuka mara tu chaja inapochomolewa, ni mgao wa umeme. Ukiwa mzito tangu mwanzo, mtu hupunguza picha kutoka 1280 kwa 720 hadi 800 kwa 600: fremu zikipanda kwa dhahiri, grafiki ndiyo iliyokuwa imelemewa, zisipopanda, grafiki ilikuwa ikisubiri, na mzigo uko kwa prosesa, ambako katika GTA V suluhisho ni kupunguza idadi ya watu na magari barabarani katika mipangilio, wala si ubora wa picha. Menyu ya mchezo huo huonyesha pia juu yake mstari wa memori ya grafiki inayotumika, na mstari huo unapokaribia kikomo chake kwenye mashine ya gigabaiti 4, kukwama kwa barabarani kulikoelezwa hapo juu ni suala la muda tu.

Kwa anayesimama mbele ya muuzaji na mashine ya namna hii mezani, majaribio hayo yote hayawezekani, kwa kuwa mchezo wenyewe haumo. Yawezekanayo huchukua dakika chache: kufungua dxdiag na kusoma jina la grafiki na kiwango chake cha uwezo, kutoa amri ya RAM na kuhesabu mistari, kuangalia nafasi iliyobaki kwenye diski, kisha kuiacha video ndefu icheze kwenye kioo kizima kwa robo saa huku chaja ikiwa imechomekwa na mkono ukiwa karibu na tundu la hewa. Feni ikinguruma kwa nguvu zote na hewa inayotoka ikawa dhaifu, mapezi yameziba, na gharama ya kuyasafisha na kubadilisha dawa ya joto inafaa kutolewa katika bei kabla fedha hazijabadilishana mikono. RAM ikiwa kipande kimoja, bei ya kipande cha pili cha DDR3L chenye ukubwa na kasi ileile nayo itolewe vivyo hivyo.